Diski Ikisoma 100%, Usikimbilie Kununua Diski

Dada mmoja mwenye steshenari jirani na chuo aliniletea laptopu yake akiwa na jibu tayari. "Fundi, diski imekwisha. Kijana wangu kafungua Task Manager, diski inasoma asilimia mia tangu asubuhi. Niwekee nyingine." Nikamuuliza uzito unaanza saa ngapi. "Asubuhi inachelewa kuwaka, ila ikishatulia inakwenda. Wanafunzi wakianza kujaa, kama saa nne hivi, ndipo inakufa kabisa. Nabonyeza herufi, inatokea nimeshahesabu mpaka tano."

Maelezo hayo yalinifanya niweke bisibisi chini. Diski inayokufa haichagui saa nne. Kinachobadilika saa nne ni idadi ya kazi zilizofunguliwa, na kazi zikiongezeka kitu cha kwanza kujaa ni memori. Memori ikijaa, mzigo wake humwagwa kwenye diski, na hapo diski ndiyo inayoonekana kuelemewa. Nimeona watu wengi wakinunua diski mpya kwa ugonjwa wa memori, na wengine wakinunua memori kwa ugonjwa wa chaja. Task Manager inaweza kuvitenganisha hivi vitatu, yaani memori, diski na prosesa, mradi usomaji wako ufuate mpangilio.

Kabla ya kusoma namba yoyote

Bonyeza `Ctrl + Shift + Esc` kufungua Task Manager. Kwenye Windows 10, ukiona kidirisha kidogo chenye orodha fupi, bofya `More details`. Majina ya kwenye skrini nayaandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo kompyuta nyingi zilivyopangwa.

Usizisome namba za dakika chache za mwanzo baada ya kuwasha. Wakati huo Windows inapakia programu za kuanzia, antivairasi inapekua, masasisho yanatafutwa, na hata mashine nzima huonekana mgonjwa. Subiri kama dakika kumi. Kisha soma wakati ule ule uzito unapotokea, ukiwa na kazi zako za kawaida mbele yako. Ukifunga kila kitu ili upime kwa utulivu, utakuwa umeufukuza ugonjwa kabla ya kuuona. Orodha ikirukaruka mno, shikilia kitufe cha `Ctrl` bila kukiachia, namba zitasimama mpaka ukiachie.

Jambo lingine la haraka: nenda `Performance`, kisha `CPU`, utazame `Up time`. Ukikuta siku 20 ilhali unazima kila jioni, si kosa la saa. Kwenye kompyuta nyingi kuna kitu kinaitwa Fast Startup ambacho huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski unapochagua `Shut down`, kisha hukirudisha kama kilivyokuwa. Ukitaka mfumo uanze upya kweli, chagua `Restart`. Fanya hivyo kwanza, ufanye kazi siku moja, ndipo uendelee na hatua zinazofuata kama uzito bado upo.

Memori kwanza, hata kama diski ndiyo inayolalamika

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka. Ingia `Performance`, bofya `Memory`, utazame namba tatu tu: `In use`, `Available` na `Committed`. Kwa laptopu ya dada wa steshenari, saa nne na nusu, ikiwa na hati sita za wanafunzi, brauza yenye kurasa kumi na nne na WhatsApp ya kupokelea kazi, zilisomeka hivi:

```
In use (Compressed)   3.5 GB (418 MB)
Available             342 MB
Committed             7.3/8.7 GB
```

Mashine ina gigabaiti 4 za memori. `Available` ya megabaiti 342 tayari inatia shaka, lakini namba ya kushika ni `Committed`. Upande wa kushoto wa mkwaju ni jumla ya memori ambayo Windows imeziahidi programu zote. Upande wa kulia ni kikomo cha ahadi hizo, nacho ni memori halisi ukijumlisha na faili la akiba lililo kwenye diski, liitwalo `pagefile.sys`. Hapa ahadi zimefika gigabaiti 7.3 na memori iliyopo ni 4. Si lazima ahadi zote ziwe zinatumika, kwa sababu programu nyingi huomba zaidi ya zinachohitaji. Hata hivyo, ahadi zikikaribia mara mbili ya memori halisi, huku `Available` ikiwa imekauka, jua kuna vitu vinavyotolewa kwenye memori kupelekwa kwenye diski, kisha kurudishwa kila mtu anapobadilisha dirisha.

Mabano yaliyo karibu na `In use` nayo yana habari. Windows 10 na 11, kabla ya kumwaga kitu kwenye diski, hujaribu kwanza kukikandamiza kibaki ndani ya memori. Megabaiti 418 zilizokandamizwa kwenye mashine ya gigabaiti 4 ni dalili kwamba mfumo unabanwa na unajitetea.

Ushahidi wa mwisho haumo kwenye Task Manager bali kwa jirani yake. Bonyeza `Windows + R`, andika:

```
resmon
```

Katika Resource Monitor fungua `Memory` na utazame mchoro wa `Hard Faults/sec`. Kila alama pale ni mara ambayo programu ilihitaji ukurasa wake wa memori, ikakuta haupo, ikabidi usomwe kutoka kwenye diski. Mchoro kupanda kwa sekunde chache unapofungua programu ni kawaida kabisa, kwa sababu programu yenyewe husomwa kwa njia hiyo. Usio wa kawaida ni mchoro unaokaa juu dakika baada ya dakika huku wewe unachapa tu. Kisha fungua `Disk`, panua `Disk Activity`, na bofya safu ya `Total` ili mzigo mkubwa uje juu. Ukikuta `C:\pagefile.sys` iko mstari wa kwanza au wa pili na haiondoki, umepata jibu. Kwa laptopu ile ilikuwa mstari wa kwanza, na katika dakika tano nilizokaa kutazama haikushuka.

Diski yake haikuwa na kosa. Ilikuwa inafanya kazi ya memori, kazi ambayo haikuumbwa kuifanya.

Kabla hujamtuma mtu dukani, soma tena chini ya ukurasa ule ule wa `Memory`. `Slots used: 1 of 2` maana yake kuna nafasi moja tupu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa dada. `Form factor: SODIMM` ni kipande cha laptopu kinachochomolewa. Ukikuta `Row of chips`, memori imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na mara nyingi hakuna cha kuongeza. Angalia pia kipande kilichomo ni DDR3 au DDR4, maana mkato wa chini haukai sehemu moja na kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine. Usikilazimishe.

Tulimwekea gigabaiti 4 nyingine. Siku iliyofuata, saa nne ile ile na wateja wale wale, `Committed` ilikuwa gigabaiti 7.1, karibu sawa na jana yake. Hilo ni sahihi, kwa kuwa kazi hazikupungua. Kilichobadilika ni kwamba ahadi zile sasa zilikuwa na mahali pa kukaa. `pagefile.sys` ilitoweka kileleni na diski ikashuka kutoka 100% hadi kati ya 4% na 15%.

Asiye na pesa ya memori kwa sasa abofye safu ya `Memory` kwenye `Processes` aone nani anakula. Mara nyingi ni brauza, na kurasa tano badala ya kumi na nne huleta nafuu ya kweli. Ila kuna hali moja ambayo orodha hiyo haitakusaidia: ukijumlisha programu zote unapata gigabaiti 2, lakini `In use` inasema 6. Hapo tazama `Non-paged pool` kwenye ukurasa ule ule wa `Memory`. Kwa kawaida huwa megabaiti mia kadhaa. Ikiwa imepita gigabaiti moja na inazidi kupanda kadiri saa zinavyokwenda, kuna dereva wa kifaa anayechukua memori bila kuirudisha, mara nyingi wa mtandao au wa antivairasi. Hapo kuongeza memori kutaahirisha tatizo tu. Sasisha dereva huyo, au mwondoe.

Sasa diski yenyewe

Uje hapa ukiwa umeshajiridhisha kwamba memori ina nafasi. Bofya `Disk 0` na usome vitu viwili kwa pamoja: `Active time` na `Average response time`. Cha kwanza peke yake hudanganya. Kinasema ni sehemu gani ya muda diski ilikuwa na angalau ombi moja mkononi, wala hakisemi ilibeba kiasi gani. Ndiyo maana mtu anaona 100% na chini yake kasi ya kusoma ni megabaiti 1 kwa sekunde, akashangaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Diski ya kuzunguka ya laptopu, ile ambayo Task Manager huiandika `HDD`, nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, kwa hiyo kwa wastani kichwa husubiri nusu yake, milisekunde 5 na nusu, mpaka data ipite chini yake. Ongeza kama milisekunde 12 za kichwa kusogea hadi njia inayotakiwa, unapata kama 18 kwa kila ombi. Hiyo ni maombi yasiyozidi 60 kwa sekunde. Kila ombi likiwa kipande kidogo cha kilobaiti 4 kilichotawanyika, diski imefanya kazi sekunde nzima bila kupumzika na imeleta kama kilobaiti 220. Diski hiyo hiyo ikinakili filamu moja kubwa iliyopangika mfululizo inaweza kupitisha megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa hiyo 100% yenye kasi ndogo, kwenye `HDD`, si ugonjwa kwa lazima. Ni diski inayotumwa kukimbia huku na huko kutafuta vitu vidogo vidogo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya pili ya tatizo la steshenari. Baada ya kuongeza memori, mchana ulipona lakini asubuhi ilibaki ile ile: zaidi ya dakika nne kutoka kubonyeza kitufe hadi hati ya kwanza kufunguka. Nikapima asubuhi. `Available` ilikuwa zaidi ya gigabaiti 4, kwa hiyo memori haihusiki. Diski 100%, muda wa kujibu ukicheza kati ya milisekunde 60 na 200. Kwenye `Disk Activity` hapakuwa na `pagefile.sys`. Palikuwa na mamia ya mafaili madogo ya Windows Update, ya `Antimalware Service Executable` na ya programu zinazojiwasha zenyewe. Tulizima tano kati ya hizo kwenye `Startup`, ambayo kwenye Windows 11 inaitwa `Startup apps`, tukapata nafuu ya dakika moja hivi. Zilizobaki ni kazi halali za mfumo, na dawa yake ni kuhamia `SSD`. Hiyo haina kichwa wala sahani, na hujibu ombi dogo kwa chini ya milisekunde moja. Baada ya kuhamisha mfumo, hati ya kwanza ilifunguka ndani ya nusu dakika.

Hivyo dada aliishia kununua diski kweli, ila kwa sababu nyingine na baada ya memori. Angeanza na `SSD` peke yake, saa nne ingekuwa na unafuu kiasi, kwa kuwa kumwaga kwenye `SSD` ni haraka zaidi kuliko kwenye `HDD`, lakini kubanwa kungebaki pale pale.

Watu hushauriana sana kuzima `SysMain`, huduma ya Windows inayopakia mapema kwenye memori programu unazozitumia sana. Sikatai kwamba kwenye `HDD` yenye memori ndogo inaweza kupunguza pilika za mwanzo. Ninachopinga ni kuifanya dawa ya kila kompyuta nzito bila kutazama kama jina lake lipo kileleni mwa wanaoitumia diski. Kama halipo, unazima kitu kisichokusumbua.

Tuje kwa diski inayokufa kweli, kwa sababu hapa kosa linagharimu mafaili ya mtu. Picha yake ni tofauti na zote zilizotangulia. Memori ipo tele, prosesa imetulia, kasi ya kusoma iko karibu na sifuri, lakini `Active time` ni 100% na `Average response time` inaruka hadi milisekunde elfu mbili, elfu tano, au zaidi. Kwenye `Processes` hakuna programu inayoonekana kuitumia diski kwa kiasi cha maana. Kompyuta huganda sekunde kadhaa, ikazinduka, ikaganda tena. Maana yake diski inarudia kusoma sehemu moja inayokataa kusomeka.

Thibitisha kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows: fungua `Windows Logs`, kisha `System`. Tafuta matukio yenye chanzo `disk` na namba 7, ambayo husema kuna sehemu mbovu, au 153, ambayo husema ombi lilibidi lirudiwe. Namba 129 kutoka `storahci` husema kifaa kilibidi kianzishwe upya kwa kutojibu. Tukio moja la mwezi uliopita lisikutishe. Mfululizo wa leo ni jambo la haraka. Kwenye kompyuta ya mezani, waya wa data uliolegea huweza kuleta 129 na 153 vilevile, kwa hiyo zima, chomoa umeme, ukaze au ubadilishe waya kabla ya kuhukumu.

Kama ni namba 7, nakili mafaili muhimu sasa hivi kwenye diski nyingine, ukianza na yale yasiyopatikana pengine popote. Usianze na `chkdsk /r`. Amri hiyo husoma diski nzima kipande kwa kipande, na kwa diski dhaifu saa hizo nyingi za kazi zinaweza kuwa ndizo za mwisho. Itumie baada ya kuokoa mafaili.

Prosesa: usitazame asilimia peke yake

Memori ina nafasi, diski imetulia, mashine bado nzito. Bofya `CPU`. Ikiwa 100% na `Processes` inaonyesha programu moja iliyoshika 80%, kazi yako ni fupi: ijue ni nani, imalize au iache imalize. `Windows Modules Installer Worker` inasakinisha masasisho na itaisha yenyewe. Programu usiyoitambua kabisa, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua `Open file location`, uone inaishi wapi.

Kuna namba mbili zinazopotosha hapa. Ya kwanza ni 25% inayoonekana ndogo. Prosesa yenye `Logical processors: 4`, programu isiyojua kugawa kazi ikishika moja na kuijaza, jumla itasoma 25% na programu hiyo itakuwa imefika mwisho wake. Bofya mchoro kwa kitufe cha kulia, `Change graph to`, `Logical processors`. Ukiona mchoro mmoja umegota juu na mitatu imelala, ndivyo ilivyo. Mara nyingine mfumo huizungusha kazi hiyo kutoka mmoja hadi mwingine, kwa hiyo jumla inayokaa karibu na 25% bila kutikisika nayo ni dalili.

Ya pili naipa uzito zaidi kwa sababu inatokea sana kwenye laptopu zilizotumika. Linganisha `Speed` na `Base speed` wakati mashine inafanya kazi. Mwanafunzi mmoja alikuwa na laptopu ya `Base speed: 2.50 GHz`, ila akiwa kazini `Speed` ilisoma 0.78 na haikupanda hata prosesa ilipoelemewa. Prosesa ikiwa imepumzika, kushuka hivyo ni kawaida ya kuokoa umeme. Ikiwa na kazi, imefungwa breki. Nilichomoa chaja, ndani ya sekunde chache ikapanda hadi 2.9. Chaja haikuwa ya mashine ile. Baadhi ya laptopu zisipoitambua chaja hupunguza kasi ili zisivute umeme mwingi kuliko zinavyoamini chaja inaweza kutoa. Chaja sahihi ilimaliza tatizo ambalo tayari lilikuwa limemgharimu Windows mpya na memori mpya.

Kama kuchomoa chaja hakubadilishi kitu, na `Speed` huanza juu kisha hushuka baada ya dakika tano au kumi za kazi huku feni ikivuma, ni joto. Fungua, safisha vumbi kati ya feni na mapezi ya kupozea, weka upya gundi ya joto juu ya prosesa.

Ukiona `System interrupts` inakula zaidi ya asilimia chache kwa kudumu, usitafute programu. Ni kifaa au dereva wake anayeigongea prosesa bila kupumzika. Chomoa vifaa vya USB kimoja kimoja ukitazama namba ikishuka.

Zote tatu zimetulia na bado nzito

Hii hutokea, na ukifika hapa usinunue kitu chochote. Jaribu kuchapa kwenye Notepad. Herufi zikitokea papo hapo lakini kurasa za mtandao zikikawia, tatizo ni mtandao. Ikiwa kinachoganda ni kufungua folda au kidirisha cha kuhifadhi faili, tazama `This PC` kama kuna diski ya mtandao yenye alama nyekundu. Windows huendelea kuitafuta mashine ambayo haipo tena na kukusubirisha kila mara. Ikiwa inaganda unapobofya `Print` tu, printa iliyowekwa kuwa ya kwanza huenda ni ile iliyoondoka ofisini mwaka jana. Hiyo ya printa niliikuta kwa dada yule yule wa steshenari mwezi mmoja baadaye. Alinipigia kabla ya kugusa chochote, akanisomea namba tatu za memori kwa simu, kisha za diski, tukamaliza bila mimi kutoka nyumbani.